Waraka wa wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Bonanza

Ndugu Mwenyekiti,

Najua bonanza la Desemba limekukosesha usingizi, na wafanyakazi wanakushukuru kwa kukubali kazi ambayo wengi waliikwepa kikaoni. Nakuandikia nikiwa mwakilishi wa wafanyakazi kwa masuala ya usalama na afya. Waraka huu nimeuweka wazi, nakala ziende kwenye mbao za matangazo za idara zote, kwa sababu watakaopanda magari kwenda Kibaha siku ile ni wafanyakazi wenyewe, wake zao, waume zao na watoto wao. Wana haki ya kujua yaliyoandikwa kwa niaba yao.

Ijumaa jioni nililetewa jedwali la tathmini ya hatari, nikaombwa nilitie saini kabla ya Jumatatu asubuhi. Jedwali ni safi kwa macho. Lina safu tano: kihatarishi, uwezekano, madhara, hatua za kudhibiti na mhusika. Lakini safu ya uwezekano inasema "mdogo" kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na safu ya mhusika inasema "Kamati", "Utawala", "Walinzi", "Mpishi" na, mara tatu, "Wote". Kwa heshima zote, Ndugu Mwenyekiti, hilo ni jedwali la kuombea kibali cha matumizi. Mtu aliyepotelewa na mtoto saa 9 alasiri hawezi kulitumia kwa lolote.

Naomba nianze na idadi ya watu, kwa kuwa kila mstari wa jedwali umejengwa juu yake na imekosewa. Mpango unasema watu 2,000. Barua ya mwaliko iliyotoka ofisini kwako inamruhusu kila mfanyakazi kuja na mwenza na watoto wawili. Sisi ni wafanyakazi 1,200. Wakija wote na familia kamili, ni watu 4,800. Hilo halitatokea. Lakini nusu yetu tu wakiitumia ruhusa uliyowapa, wanafamilia ni 1,800, na jumla inakuwa 3,000. Chakula, vyoo, mahema, magari na milango vimepangwa kwa watu 2,000, na barua iliyowaita hao wengine imetiwa saini na mkono uleule uliotia saini mpango. Kabla ya jambo lolote, itoke fomu ya kuthibitisha kuja, irudi wiki mbili kabla ya siku, na idadi itakayotoka humo ndiyo iwe msingi wa mahesabu yote. Hadi hapo, mimi natumia 3,000.

Sasa tuje getini.

Kiwanja mlichokodi kimezungukwa na ukuta. Kina geti kubwa la magari lenye upana wa mita 4, na pembeni yake mlango mdogo wa mita 1. Mpango wako unasema geti kubwa litafungwa "kuzuia wavamizi", na watu wote wataingia na kutoka kwa mlango mdogo, ambapo patawekwa meza mbili za kugawia fulana. Kwenye jedwali, msongamano wa watu umepewa uwezekano mdogo, hatua ya kudhibiti ni "walinzi watakuwepo", na mhusika ni "Walinzi".

Tuhesabu pamoja. Mgawaji anatafuta jina kwenye orodha, anauliza saizi, anachomoa fulana kwenye boksi, mtu anatia saini. Akiwa mwepesi sana, hiyo ni kazi ya sekunde 20. Meza moja inahudumia watu 3 kwa dakika, meza mbili watu 6. Wafanyakazi 1,200 watahitaji dakika 200, yaani saa tatu na dakika ishirini, bila mgawaji kwenda haja wala saizi kuisha. Mabasi yote mmeyapangia kufika kati ya saa 1:30 na saa 2:30 asubuhi. Kwa hiyo ifikapo saa 2:30 watakuwa wamehudumiwa kama 360, na wafanyakazi 840 pamoja na watoto wao watakuwa wamesimama nje ya ukuta, kandokando ya barabara, juani, wakisikia muziki umeshaanza ndani na wakiambizana kwamba saizi kubwa zinaisha.

Hapo ndipo uwezekano unapotoka kuwa mdogo. Watu hawa si wakorofi. Wameitwa wote kwa saa moja, wamewekewa kitu cha kugombania, na njia ni moja. Nchi hii inajua mwisho wa mpangilio wa namna hiyo. Februari 2020, katika Uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako mwishoni mwa ibada. Machi 2021, katika Uwanja wa Uhuru jijini Dar es Salaam, watu 45 walipoteza maisha kwenye umati uliokwenda kumuaga Rais Magufuli. Wa Moshi walikuwa wametoka kusali, na wa Uhuru walikuwa msibani.

Katika msongamano watu wengi hufa wakiwa wamesimama. Kifua kinabanwa mbele na nyuma, mapafu yanakosa nafasi ya kutanuka, na baada ya dakika chache mtu anakosa hewa ilhali yuko nje, chini ya anga. Mtoto wa miaka sita kifua chake kiko usawa wa kiuno cha mtu mzima, kwa hiyo yeye hubanwa wa kwanza na huonekana wa mwisho. Dalili zinaweza kusomwa mapema na mtu aliyekaa mahali pa juu akiangalia. Watu wanne kwenye eneo la mita moja ya mraba bado wanaweza kusogea kwa hiari yao. Wakifika watano au sita, wanaanza kuyumba kwa pamoja kama mawimbi, mtu anapelekwa asikotaka, mikono iliyo chini haiwezi kupanda juu. Ukiona wazazi wanawanyanyua watoto juu ya vichwa, umeshachelewa, na tangazo la kipaza sauti la "jamani tusisukumane" halisaidii, kwa sababu wanaosukuma wako nyuma na hawaoni kinachotokea mbele. Kinachosaidia wakati huo ni kufungua njia mbele na kuzuia wanaokuja nyuma, mambo yote mawili kwa wakati mmoja, na hayo yanahitaji watu wawili wenye simu za upepo waliokubaliana tangu jana yake.

Tiba ya hatari hii haigharimu shilingi. Fulana zigawiwe maofisini Jumatano na Alhamisi, kila mkuu wa kitengo akabidhiwe boksi na orodha ya watu wake. Meza getini ziondoke kabisa. Mabasi yapangiwe kufika kwa makundi, dakika 20 kati ya kundi na kundi. Mashindano ya mapema yaanze bila zawadi za kugombania, na zawadi ya bahati nasibu itangazwe kwa kusoma namba jukwaani, mshindi apelekewe alipokaa. Vitu visirushwe kwa umati kutoka jukwaani, hata kofia. Nimeona kwenye ratiba yako kwamba mgeni rasmi "atarusha zawadi kwa wafanyakazi". Nakuomba umfikishie salamu zangu za heshima kwamba wafanyakazi wangependa kupewa mkononi.

Halafu kuna kutoka. Miongozo ya viwanja vya michezo ya Uingereza huhesabu kwamba kila mita moja ya upana wa njia iliyo tambarare hupitisha watu 82 kwa dakika, watu wakitembea kwa utulivu. Kwa mlango wako wa mita 1, watu 3,000 watahitaji zaidi ya dakika 36. Jiko likishika moto, au mvua ya vuli ikishuka na upepo ukaanza kung'oa mahema, hatuna dakika 36. Miongozo hiyohiyo huweka dakika 8 kuwa ukomo wa muda wa kutoka. Kwa muda huo tunahitaji watu 375 kwa dakika, sawa na upana usiopungua mita 4.6. Geti kubwa peke yake, likiwa wazi lote, linapitisha 328 kwa dakika na kumaliza kwa dakika 9 na kidogo. Likifunguliwa pamoja na mlango mdogo, tunapata 410 kwa dakika, na kazi inaisha kwa dakika 7 hivi. Lakini milango hiyo miwili iko upande mmoja, na moto ukiwa upande huo yote miwili haifai. Mwenye kiwanja ana mlango wa nyuma wa kuingizia matangi ya maji ambao umezibwa kwa mabati. Mabati hayo yaondolewe, upana upimwe kwa futi ya utepe wala si kwa kukisia, na ikionekana hautoshi, idadi ya watu ipunguzwe. Geti kubwa likae bila kufuli siku nzima, mlinzi awe mbele yake, na gari lolote, hata la Mkurugenzi, lisiegeshwe kwenye njia hiyo.

Nimekaa sana getini kwa makusudi. Hatari nyingine kubwa hazihitaji maelezo marefu hivyo, ila chakula kina jambo moja ambalo kamati imelipita bila kuligusa.

Mstari wa chakula unasema: "Sumu ya chakula, uwezekano mdogo, mpishi ana uzoefu, mhusika Mpishi." Nimezungumza na mzabuni wa chakula, na ni mtu muungwana aliyenieleza ratiba yake bila kuficha. Ataanza kupika pilau ya nyama saa 8 usiku jikoni kwake, atamaliza alfajiri, ataipakia kwenye masufuria makubwa yaliyofunikwa, na chakula kitaliwa kuanzia saa 8 mchana. Kati ya kuepua na kula kuna saa nane hadi tisa. Uzoefu wake unahakikisha kwamba pilau itakuwa tamu, lakini hauwazuii vijidudu.

Katika nyama na mchele kuna aina za bakteria ambazo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Pilau ikishaepuliwa, sufuria kubwa hupoa polepole sana, na katikati yake hubaki vuguvugu kwa saa nyingi. Joto la kati ya nyuzi 5 na 60 ndimo wanamozaliana, na kwenye vuguvugu la juu la nyama uzalianaji wao ni wa haraka mno. Chakula hicho hakinuki wala hakibadiliki ladha, kwa hiyo ule utaratibu wetu wa mwenyekiti kuonja kwanza hauthibitishi chochote. Kuipasha moto upya kunaua bakteria wenyewe, lakini aina mojawapo inayopenda wali huacha sumu isiyoharibiwa na joto la kupashia. Wanaopata sumu hiyo hutapika ndani ya saa moja hadi sita, yaani wakiwa bado uwanjani au ndani ya basi. Wanaopata ile ya nyama huanza kuumwa tumbo na kuharisha baada ya saa sita hadi 24, wakiwa wamekwisha rudi nyumbani, na kamati itajua Jumatatu itakapohesabu waliokosekana kazini.

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kiive hadi nyuzi 70 katikati, kikiwekwa kusubiri kibaki juu ya nyuzi 60, na kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Kwa hiyo pilau ipikwe kiwanjani, kwa awamu tatu, ya kwanza iepuliwe saa 6:30 mchana na nyingine zifuate kadiri watu wanavyohudumiwa. Mzabuni amekubali, akaomba tu maji ya uhakika na kivuli. Inunuliwe pimajoto ya kuchomeka kwenye chakula, na kila sufuria ipimwe katikati wakati wa kuepua na kila baada ya nusu saa, namba ziandikwe kwenye karatasi. Sufuria iliyoshuka chini ya 60 kwa zaidi ya saa mbili imwagwe, na kamati ijue leo kwamba itaumia kuimwaga. Kachumbari ikatwe kwenye ubao ambao haujagusa nyama mbichi. Sampuli ya kila chakula, kiasi cha bakuli dogo, ifungwe na kuwekwa kwenye friji kwa siku tatu, ili watu wakiumwa daktari awe na cha kupima.

Jiko likihamia kiwanjani, mitungi ya gesi inahamia nalo. Ikae nje ya hema la kupikia, wima, mbali na jenereta na mbali na njia ya watoto. Jenereta nayo isijazwe mafuta ikiwa inaunguruma. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, iandikwe jikoni kwa herufi kubwa.

Michezo nitaipitia kwa haraka. Kamba ya kuvuta iwe imetengenezwa kwa ajili ya mchezo huo, timu ziwe za watu wanane wanane, na mtu yeyote asijizungushie kamba mkononi wala kiunoni. Mwaka 1997 jijini Taipei, watu zaidi ya elfu moja waliwekwa kwenye kamba moja, ikakatika, na wanaume wawili waling'olewa mikono. Kwenye programu yako kuna "wote tuvute kamba pamoja, Uzalishaji dhidi ya Mauzo". Hilo lifutwe.

Ile nyumba ya upepo ya watoto kurukia inahitaji vigingi kila kona ilipoelekezwa na mtengenezaji, siyo mawe mawili ya kuegemeza, na ifungwe mara upepo unapofikia kilomita 38 kwa saa. Kipima upepo cha mkononi si ghali. Watoto sita walikufa Devonport, nchini Australia, Desemba 2021, upepo ulipoinyanyua nyumba ya namna hiyo kwenye sherehe ya shule. Hema kubwa lifuate kanuni hiyohiyo ya vigingi, na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usomwe siku tatu kabla na asubuhi ya siku yenyewe. Desemba ya Pwani ina joto kali na mvua za ghafla, kwa hiyo maji ya kunywa yasipungue na kivuli kitoshe watu wote, siyo meza kuu peke yake.

Mpira wa miguu wa wakongwe ndio unaonitia hofu kuliko yote ya uwanjani. Wenzetu wa miaka 50 wanakaa kwenye kiti mwaka mzima, halafu wanacheza dakika 90 saa 6 mchana mbele ya watoto wao wanaoshangilia. Wacheze dakika 20 kila kipindi, asubuhi, baada ya kupasha misuli. Mtu akianguka ghafla bila kuguswa na hapumui vizuri, huo ni moyo uliosimama hadi ithibitike vingine. Kifua chake kianze kubonyezwa papo hapo, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, bila kusubiri gari la wagonjwa. Kila dakika inayopita bila mashine ya kushtua moyo inapunguza nafasi yake ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Mpango unasema "sanduku la huduma ya kwanza litakuwepo". Sanduku lenye plasta na dawa ya maumivu halirudishi moyo. Ikodishwe mashine, wawepo watu sita waliofunzwa kuitumia, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi, iliyopo Kibaha hapohapo, iandikiwe barua mapema kueleza idadi ya watu, tarehe na njia ya kuingilia kiwanjani.

Nimebakiza barabara, na hapa naomba uvumilivu wako, kwa sababu huu ndio mstari ninaoamini unaweza kutuua wengi kwa mara moja, nanyi mmeupa maneno manne: "Ajali, mdogo, madereva makini."

Madereva wa magari mliyokodi wataanza kuzoa watu mitaani saa 11 alfajiri. Watafika Kibaha, watakaa siku nzima, pengine wakisinzia ndani ya gari lenye joto, pengine wakikaribishwa bia na wafanyakazi wenye moyo mwema. Ratiba inamaliza muziki saa 4 usiku. Dereva huyo atashika usukani kwenye Barabara ya Morogoro, katikati ya malori, akiwa macho kwa saa 17, akiwa na watu 60 na zaidi nyuma yake waliolala. Mtu aliyekaa macho saa 17 huendesha vibaya kama aliyekunywa, hata kama hajagusa tone. Uwezekano wa jambo hili naupa 4 kati ya 5, na madhara 5. Ukizidisha unapata 20 kati ya 25, na hakuna hatari nyingine kwenye jedwali lako inayofika hapo.

Kuna njia mbili za kuishusha. Ya kwanza ni kumaliza shughuli saa 10:30 jioni na magari yaondoke saa 11, kukiwa bado na mwanga. Ya pili ni kulipa madereva wa zamu ya pili wanaokuja jioni wakiwa wamelala mchana. Mimi nachagua ya kwanza, na wafanyakazi niliozungumza nao wenye watoto wadogo wanaichagua pia. Kwa vyovyote, kila dereva apimwe kilevi kabla ya kuondoka, abiria wasizidi viti, na kila gari liwe na kiongozi wake mwenye orodha ya majina, wanaopanda asubuhi wahesabiwe, na wanaopanda jioni wahesabiwe tena. Kiongozi huyo awe na mamlaka ya kumwambia dereva apunguze mwendo au asimame, na dereva aelezwe hivyo mbele ya abiria.

Nimetaja namba, basi niseme zinavyopatikana, kwa sababu kukosea hapo ndiko kulikozaa neno "mdogo" mistari yote. Kamati iliniambia kwamba haya hayajawahi kutokea kwetu. Bonanza lililopita tulikuwa wafanyakazi watupu, bila familia, kwenye uwanja usio na ukuta, na tulirudi mchana. Yaliyopita hayapimi shughuli hii. Uwezekano hupimwa kwa kuangalia mazingira ya siku inayokuja: je, njia ni moja, chakula kitakaa saa ngapi, dereva amelala saa ngapi. Unatoa alama 1 hadi 5, unazidisha na alama ya madhara, unaweka hatua za kudhibiti, kisha unapima upya na kuandika alama ya pili kando ya ya kwanza. Kama alama haijashuka, hatua uliyoandika haifanyi kazi. Na hatari inayoweza kuua isihesabiwe kuwa imekwisha eti kwa sababu uwezekano wake umeandikwa 1.

Tukija kwenye mhusika, hapo sitakuwa na upole mwingi. "Kamati" haina simu. "Wote" hawawezi kuitwa mbele ya mkaguzi wakaulizwa geti lilifungwa na nani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kulinda wafanyakazi wake, na mwajiri hawezi kuuteremsha wajibu huo kwa mlinzi wa kampuni ya ulinzi aliyekodiwa siku moja, ambaye hajaonyeshwa hata mlango wa nyuma ulipo. Kila mstari uandikwe jina moja la mtu mmoja, na jina la pili la atakayeshika nafasi yake akiugua. Mtu huyo awe amekubali mwenyewe kwa saini, awepo kiwanjani kutoka mwanzo hadi mwisho, asiwe mchezaji wala mshereheshaji, na awe na mamlaka ya kusimamisha kile anachokisimamia bila kuomba ruhusa. Wa jikoni aweze kumwaga sufuria. Wa upepo aweze kuzima pampu ya nyumba ya watoto ingawa mtoto wa bosi yumo ndani. Wa geti aweze kulikataa gari la mgeni rasmi.

Juu yao wote awepo mkuu mmoja wa usalama wa siku hiyo, mwenye neno la mwisho la kusimamisha shughuli nzima, na Mkurugenzi aseme hadharani, kwa kipaza sauti, kwamba neno hilo halipingwi hata na yeye. Ndugu Mwenyekiti, wewe usiwe mtu huyo. Utakuwa na mgeni rasmi, hotuba, zawadi na malalamiko ya fulana. Huwezi kuangalia mbele ya jukwaa na nyuma ya umati kwa wakati mmoja. Mpe nafasi hiyo msimamizi wa zamu kutoka kiwandani, mmoja wa wale waliozoea kusimamisha mashine inapotoa mlio usio wa kawaida.

Kikao chenu kijacho ni Alhamisi. Naomba jedwali lirudi likiwa na idadi iliyothibitishwa, saa ya kuondoka kabla ya giza, milango iliyopimwa, ratiba mpya ya jikoni, na jina la mtu kwenye kila mstari. Niko tayari kukaa nanyi usiku kucha kulijaza, na nimeshazungumza na wenzetu wanne walio tayari kupokea majukumu kwa majina yao. Likija hivyo, nitatia saini na nitawahimiza wafanyakazi waje na watoto wao. Likirudi lilivyo, sitatia saini, na nitawaeleza wafanyakazi sababu kwenye mbao hizihizi za matangazo.

Wako katika kazi,

Mwakilishi wa Wafanyakazi, Usalama na Afya